Mrija wenye herufi B: chati ya kutambua bakteria, na mahali inapokupoteza

Ukiingia kwenye mtihani wa vitendo wa maikrobayolojia, mezani utakuta mrija wenye herufi tu, tuseme B. Ndani yake kuna agari iliyogandishwa mshazari, na juu ya agari kuna utando wa bakteria. Karatasi inasema mtambue. Huambiwi ametoka kwenye kidonda, kwenye choo au kwenye udongo. Una hadubini, chupa za rangi, vitendanishi vichache na siku mbili au tatu. Kwenye karatasi ya nadharia swali lilelile linarudi kwa sura nyingine: chora chati ya mtiririko ya kumtofautisha huyu na yule, kisha eleza kila hatua.

Hili si jambo la chumba cha mtihani peke yake. Mwanzoni mwa 2024 mkoa wa Simiyu ulikuwa miongoni mwa mikoa ya Kanda ya Ziwa iliyopata kipindupindu. Mtu akiletwa Bariadi, au kituo cha afya kilichoko Busega karibu na Ziwa Victoria, akiharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, daktari haingoji maabara ili aanze kumrudishia maji mwilini. Ila kusema kwa uhakika kwamba hiki ni kipindupindu, mtu wa maabara anapita njia ileile unayoikariri wewe, swali kwa swali. Akikosea swali la kwanza, majibu yote yanayofuata yataonekana ya maana na yatakuwa ya uongo. Swali hilo la kwanza ndilo tutakalolikalia zaidi leo.

Jambo dogo kabla hatujaendelea: majina ya bakteria nimeyaandika tunavyoyatamka. Kwenye karatasi ya mtihani yaandike kwa Kilatini, kama kitabu chako kinavyoyaandika.

Sasa chukua karatasi uichore chati yenyewe. Juu kabisa andika Gram na umbo. Kutoka hapo shusha matawi manne. Tawi la kwanza ni la duara za zambarau, swali lake ni katalesi. La pili ni la fimbo za zambarau, swali lake ni je, wana spora? La tatu ni la fimbo za waridi, swali lake ni oksidesi. La nne ni la duara za waridi, nao ni wachache: ukiwaona wawili wawili kama punje za maharage zilizotazamana, fikiria Naiseria, halafu fanya oksidesi. Umemaliza mifupa ya chati. Vipimo vingine vyote vinaning'inia chini ya matawi haya.

Unaona kwamba huwezi kujua kipimo cha pili ni kipi kabla hujapata jibu la kwanza. Ndiyo maana naona ni kazi bure kufanya vipimo vyote kumi vilivyoko mezani halafu ukatafuta jedwali la kufananisha. Utamaliza vitendanishi, na msahihishaji ataona wazi kwamba hukuwa na sababu ya kufanya ulichofanya.

Turudi juu. Hans Christian Gram, daktari wa Denmark, alichapisha njia yake ya kupaka rangi mwaka 1884 akiwa Berlin. Tunavyoifanya leo iko hivi. Weka tone dogo la maji safi ya chumvi kwenye slaidi, gusa koloni kwa lupu, tandaza kiasi kwamba ukiishika slaidi juu ya gazeti unaweza kusoma maandishi kupitia utando. Acha ukauke wenyewe, kisha pitisha slaidi kwenye mwali mara mbili au tatu haraka. Igusishe nyuma ya mkono: iwe ya vuguvugu, isikuunguze. Mimina kristali violeti kwa dakika moja, suuza. Mimina ayodini dakika moja, suuza. Sasa ondoa rangi kwa spiriti au kwa mchanganyiko wa asetoni na spiriti, suuza mara moja, halafu malizia na safranini dakika moja. Suuza, simamisha slaidi ikauke, weka tone la mafuta na uangalie kwa lenzi ya 100.

Kinachotokea ni hiki. Kristali violeti huwaingia bakteria wote, na ayodini huungana nayo ndani ya seli na kutengeneza mabonge makubwa. Bakteria mwenye ukuta mnene wa peptidoglikani, spiriti ikimfikia, ukuta unakauka na kubana, mabonge yanabaki ndani, naye anabaki zambarau. Huyo ndiye Gram chanya. Mwenye ukuta mwembamba uliofunikwa na utando wa mafuta kwa nje, spiriti inayeyusha mafuta yale na mabonge yanatoka. Anabaki hana rangi hadi safranini imfanye waridi. Huyo ni Gram hasi. Kwa hiyo rangi unayoiona inakujibu swali moja tu: je, ukuta uliweza kuishika violeti pale spiriti ilipopita?

Hapo ndipo wengi wanapopigwa. Jibu linategemea hali ya ukuta siku ile, na linategemea mkono wako. Ukichelewesha spiriti, hata mwenye ukuta mnene ataachia rangi. Asetoni ikiwemo, sekunde mbili tatu zinatosha. Spiriti peke yake huchukua kama sekunde kumi hadi ishirini, na alama ya kusimama ni pale matone yanapoacha kutiririka na rangi. Ukiunguza slaidi kwenye mwali, kuta zinapasuka na rangi inavuja. Utando ukiwa mnene, katikati spiriti haifiki vizuri na Gram hasi anabaki zambarau. Kubwa kuliko yote ni umri wa koloni. Bakteria wa Gram chanya waliokaa siku mbili tatu wameanza kufa, kuta zao zimechoka, na wengi watatoka waridi bila kosa lolote la mkono wako. Koloni ya saa 18 hadi 24 ndiyo ya kuipaka rangi. Mrija uliopewa mtihanini unaweza kuwa umetoka kwenye friji wiki iliyopita, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumpanda upya, ndipo umpake rangi.

Maji ya kusuuzia nayo yaangalie. Maabara inayotumia maji ya tangi yaliyokaa inaweza kukupa fimbo chache za waridi ambazo zilikuwa zinaishi kwenye maji hayo, hazikutoka kwenye mrija wako.

Kinga yake ni rahisi, na inashangaza wachache wanavyoitumia. Slaidi moja ina nafasi ya matone matatu. Upande wa kushoto weka stafilokokasi unayemjua, kulia weka E. koli unayemjua, katikati weka wako. Paka rangi zote kwa pamoja. Kushoto pakitoka zambarau na kulia waridi, mkono wako uko sawa na jibu la katikati linaweza kusomwa. Kushoto pakitoka waridi umezidisha spiriti, rudia. Kulia pakibaki zambarau umeipunguza, rudia pia. Mtihanini usipopewa hao wawili, omba. Kuomba si kosa, na ukiandika kwenye ripoti kwamba ulitumia vidhibiti, msahihishaji anaelewa anasoma kazi ya nani.

Sasa tumfuate B mwenyewe. Tuseme umefika siku ya kwanza, mrija una utando mkavu, mweupe wa kijivu, wenye kingo zilizokunjamana. Una haraka, unachukua moja kwa moja kutoka kwenye mrija na kupaka Gram. Unaona fimbo kubwa za waridi, nyingine zimeungana minyororo. Unaandika: fimbo, Gram hasi. Chati inakupeleka kwenye oksidesi. Unafanya, inatoka zambarau, yaani chanya. Unafanya katalesi, povu. Oksidesi chanya, fimbo ya waridi: mkono unaanza kuandika Sudomonasi. Kila kipimo kimekubaliana na mwenzake. Ukikabidhi karatasi hapo umepotea, na huwezi kujua umepotelea wapi, kwa sababu hakuna kipimo kilichokupinga.

Lakini siku hiyohiyo ulikuwa umempanda kwenye pleti mbili, agari ya kawaida na agari ya MacConkey, ukaziweka kwenye inkyubeta nyuzi 37. Kesho yake agari ya kawaida imejaa koloni. Ya MacConkey haina kitu. Simama hapo. MacConkey ina chumvi za nyongo na kristali violeti kidogo, navyo viliwekwa makusudi kuwazuia Gram chanya. Sudomonasi huota humo bila shida. Kuna Gram hasi wachache wanaoikataa agari hii, lakini fimbo inayoota vizuri hivi kwenye agari ya kawaida na kuikataa kabisa MacConkey inakuambia kitu tofauti na rangi uliyoiona jana. Huu ni ushahidi wa kwanza dhidi ya slaidi yako.

Ushahidi wa pili uko kwenye slaidi yenyewe, ukikubali kurudi kuiangalia. Ndani ya baadhi ya fimbo kuna vijitundu vyeupe vya yai, kama vile rangi ilikataa kuingia. Na kweli ilikataa. Hizo ni spora, na ganda lake halipitishi rangi za Gram. Fimbo unazokutana nazo kwenye mitihani hii, zinazotengeneza spora na kuota hewani, ni za ukoo wa Basilasi, na huo ni ukoo wa Gram chanya.

Ushahidi wa tatu unauzalisha mwenyewe kwa dakika moja. Weka tone la KOH ya asilimia 3 kwenye slaidi safi. Chukua koloni ya kutosha, changanya na tone kwa kuzungusha lupu, kisha baada ya sekunde chache inua lupu taratibu. Gram hasi ukuta wake mwembamba unapasuka kwenye alkali hiyo, DNA inamwagika nje, na tone linageuka ute unaovutika kama mlenda, uzi wa sentimita nzima au zaidi. Gram chanya ukuta unavumilia na tone linabaki maji. Mpe hadi dakika moja. Wa kwako havutiki hata kidogo.

Ushahidi tatu dhidi ya mmoja. Hapa usijaribu kuvipatanisha. Futa jibu la kwanza, chukua koloni changa ya asubuhi hii kutoka agari ya kawaida, paka Gram upya pamoja na vidhibiti viwili. Fimbo zinatoka zambarau, na mara hii chati inakupeleka kwenye swali la spora. Ili kulijibu, paka rangi ya malakiti ya kijani kwenye utando wa zamani, kwa sababu spora ni nyingi kwenye koloni iliyozeeka, weka slaidi juu ya mvuke wa maji yanayochemka kwa dakika tano, suuza kwa maji, malizia na safranini. Joto linailazimisha rangi kupenya ganda la spora. Unaona mayai ya kijani ndani ya fimbo za waridi. Basilasi amethibitika, na katalesi chanya inakubaliana. Oksidesi iliyokupeleka Sudomonasi? Kwa ukoo huu hutofautiana, wengine chanya wengine hasi, ndiyo maana haimo kwenye tawi la fimbo za zambarau. Kipimo kizuri kikiwekwa kwenye tawi lisilo lake hakina maana yoyote.

Kwa kuwa tupo kwenye tawi hili, na Simiyu ni mkoa wa ng'ombe wengi, kumbuka kimeta naye ni Basilasi. Kinachomtenga na ndugu zake wa udongoni kwa vipimo vyepesi ni kwamba kimeta haogelei na hayeyushi damu kwenye agari ya damu, wakati ndugu zake wengi hufanya yote mawili. Tone la kuning'inia chini ya hadubini litakuonyesha B anaogelea. Mtihanini unamaliza hapo. Kazini ni tofauti: sampuli ya mnyama aliyekufa ghafla, damu ikimtoka puani bila kuganda, hairuhusiwi kufunguliwa kwenye meza ya kawaida ili eti ufuate chati. Inapelekwa kwenye maabara yenye vifaa vya kujikinga.

Twende tawi la fimbo za waridi, lile la kipindupindu. Huyu wa sasa hakuletwa kwenye mrija, ameletwa kwenye kinyesi cha maji, na humo kuna bakteria wa kila aina. Ukipaka Gram moja kwa moja utaona umati tu. Kwanza lazima umtenge. Maji ya peptoni yenye alkali, pH karibu 8.6, yanamfaa Vibrio kolera na kuwachelewesha wengine. Baada ya saa sita hadi nane anakuwa amejaa karibu na uso wa maji, kwa hiyo chota juu juu bila kutikisa chupa. Ukiacha hadi kesho yake wengine wanamfikia na faida uliyoipata inapotea. Kutoka hapo panda kwenye agari ya TCBS. Ina chumvi za nyongo, ina alkali, ina sukari ya kawaida ya mezani, na kiashiria cha kijani kinachogeuka njano asidi ikizalishwa. Vibrio kolera anaila sukari hiyo, anatoa asidi, na kesho yake unaona koloni za njano, bapa, za milimita mbili hadi tatu.

Sasa uko na koloni ya njano na mkono unataka kufanya oksidesi. Usifanye hapo. Kipimo hiki kinatafuta kimeng'enya cha kupumulia, na kitendanishi chake hugeuka zambarau kinapooksidishwa. Koloni iliyojaa asidi huharibu kipimo, na unaweza kupata hasi kwa bakteria ambaye ni chanya kabisa. Hali ni hiyohiyo kwa koloni za pinki za MacConkey. Mpande kwanza kwenye agari ya kawaida isiyo na sukari, subiri koloni mpya, ndipo ufanye. Usiku mmoja unapotea, najua, lakini ukiuruka unaweza kumfuta mgonjwa wa kipindupindu kwenye orodha.

Namna yenyewe: lowesha kipande cha karatasi ya chujio kwa kitendanishi, paka koloni juu yake kwa kijiti cha mbao au fimbo ya kioo. Lupu ya waya wa nikromu usiitumie, chuma chake kinaweza kukioksidisha kitendanishi peke yake na kukupa chanya ya bure. Zambarau ikitokea ndani ya sekunde kumi ni chanya. Ikitokea baada ya dakika moja haihesabiki, kwa sababu hewa nayo inafanya kazi hiyohiyo taratibu. Na kitendanishi kilichokwisha kuwa cha samawati ndani ya chupa kimwage, hata kama tarehe yake haijaisha.

Oksidesi inaligawa tawi hili vipande viwili, na mgawanyiko huo ndio wenye faida kubwa kuliko wote katika chati. Upande wa hasi wamo wakazi wa utumbo: E. koli, Klebsiela, Salmonela, Shigela. Hao unawatenganisha kwa laktosi kwenye MacConkey. E. koli na Klebsiela wanatoa koloni za pinki, Salmonela na Shigela koloni zisizo na rangi. E. koli anatoa pete nyekundu kwenye kipimo cha indoli, Klebsiela wa kawaida hatoi. Salmonela anaogelea, Shigela haogelei. Kwa mtihani wa ngazi ya diploma, mara nyingi hapo panatosha.

Upande wa chanya wamo Vibrio, Sudomonasi na Aeromonasi. Sudomonasi haichachishi sukari, kwa hiyo kwenye mrija wa sukari tatu na chuma agari inabaki nyekundu juu na chini. Aeromonasi ndiye msumbufu: anaishi kwenye maji ya ziwa, mito na visima, anachachisha sukari, na wakati mwingine hutoa koloni ya njano hata kwenye TCBS. Kumtenga, chukua tone la sodiamu deoksikoleti ya asilimia 0.5 kwenye slaidi, changanya na koloni kutoka agari ya kawaida, inua lupu. Vibrio kolera ndani ya dakika moja anapasuka na kuvutika uzi. Aeromonasi kwa kawaida havutiki. Unaukumbuka uzi wa KOH? Ni uzi uleule, DNA iliyomwagika, ila safari hii anayewapasua ni chumvi ya nyongo, na ndiyo maana inawachagua wachache badala ya Gram hasi wote.

Chati inaishia hapo na haiwezi kwenda mbali zaidi. Imekufikisha kwa Vibrio kolera. Haijakuambia kama ni O1 au O139, makundi mawili yanayoleta milipuko. Wapo Vibrio kolera wengine wanaoishi majini ambao wana majibu yaleyale yote uliyoyapata, na hawaleti milipuko. Jibu hilo linatoka kwenye matone ya antisera: changanya na koloni ya agari ya kawaida, uone kama vinaganda vibonge. Weka pia tone la maji ya chumvi pembeni. Koloni ikiganda na humo, inaganda yenyewe na kipimo hakisomeki.

Tawi la duara za zambarau nalipitia haraka, kwa kuwa ndilo kila mtu analijua. Weka koloni kwenye tone la H2O2 ya asilimia 3. Povu papo hapo ni stafilokokasi, bila povu ni streptokokasi. Hatari ni mbili. Ukichota kutoka agari ya damu na kuburuta damu kidogo, chembe nyekundu zina katalesi yake na zitatoa povu kwa niaba ya streptokokasi. Na chupa ya H2O2 iliyofunguliwa ikakaa kwenye joto inaisha nguvu kimyakimya, basi ijaribu kila siku kwa stafilokokasi unayemjua. Baada ya povu njoo kwenye koagulesi: plazma ya sungura ikiganda mrijani, huyo ni stafilokokasi aureasi. Angalia mrija kila saa kwa saa nne za mwanzo. Wapo wanaogandisha halafu wanayeyusha bonge wenyewe, na ukija kesho yake tu utakuta maji na kuandika hasi.

Wapo pia ambao swali la kwanza haliwahusu kabisa. Bakteria wa kifua kikuu ukuta wake una nta, rangi za Gram hazimwingii vizuri. Hutamtafuta kwa chati hii. Ana rangi yake ya Ziehl na Neelsen, fuksini ikipashwa moto na kuondolewa kwa asidi. Mikoplazma haina ukuta wa peptidoglikani, kwa hiyo hakuna cha kushika violeti. Swali la nadharia likiuliza mipaka ya upakaji wa Gram, hawa wawili ni jibu tosha, mradi ueleze sababu na si majina tu.

Kuhusu ripoti yenyewe: kwa kila hatua andika ulichofanya, ulichokiona kwa macho, halafu ulichokihitimisha, kwa mpangilio huo. "Fimbo za zambarau, vidhibiti sawa, hivyo Gram chanya" ni sentensi yenye alama. "Gram chanya" peke yake msahihishaji hawezi kujua umeiona au umeikisia. Na ukirudia kipimo kwa sababu majibu yalipingana, kama ilivyokuwa kwa B, usiifiche slaidi ya kwanza. Andika kwamba ilitoka waridi, kwamba MacConkey haikuota kitu na KOH haikuvutika, kwa hiyo ukarudia kwa koloni ya saa 18. Jina la bakteria liandike mstari wa mwisho, na kama ushahidi ulionao unaishia kwenye Basilasi, andika Basilasi.